Sapu ya fiziolojia na yule kuli aliyetoka jasho lita 3

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja anayesoma udaktari mwaka wa kwanza. "Kaka, nina sapu ya fiziolojia. Nimekariri homoni zote za figo, lakini nikipewa swali sijui nianzie wapi." Niliusoma mara mbili. Miaka michache nyuma ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno.

Mimi niliangushwa kwenye mtihani wa mdomo. Nilikuwa nimekesha na renini, anjiotensini na aldosteroni, na mlolongo wote nilikuwa nao kichwani. Mwalimu hakuniuliza mlolongo. Alisema: "Kuli ametoka jasho lita 3, akanywa lita 3 za maji ya bomba. Mwili wake ukoje sasa?" Nikajibu haraka kwamba amerudi palepale alipokuwa, maji yaliyotoka yamerudi. Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwita anayefuata. Hakunikosoa hata kidogo, na kimya kile kinaniuma mpaka leo. Wenzangu walikwenda likizo, mimi nikabaki hosteli na daftari.

Kwenye likizo hiyo nikaligundua kosa langu, na ndilo kosa ninaloliona kwa karibu kila mwenye sapu hii: tunachanganya kiasi cha sodiamu mwilini na ukolezi wake kwenye damu. Ni mambo mawili, na mwili unayalinda kwa njia mbili tofauti. Ukolezi unarekebishwa hasa kwa maji, na msimamizi wake ni vasopresini. Kiasi cha sodiamu ndicho kinachoamua ujazo wa majimaji yaliyo nje ya seli, pamoja na damu, na msimamizi wake mkuu ni aldosteroni.

Sasa turudi kwa kuli, na uchore visanduku viwili. Mtu wa kilo 70 ana maji kama lita 42: lita 28 ndani ya seli, lita 14 nje. Tuchukue ukolezi wa chembe zilizoyeyuka kuwa miliosmoli 280 kwa lita pande zote mbili, yaani sodiamu 140 pamoja na wenzake, hasa kloridi, 140. Ndani kuna chembe 28 × 280, sawa na 7,840. Nje kuna 14 × 280, sawa na 3,920. Jumla 11,760.

Jasho si maji matupu. Tuseme kila lita ina milimoli 50 za sodiamu. Hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, lakini kwenye mtihani utapewa namba. Lita 3 zimeondoka na sodiamu 150, na kwa kuwa kila sodiamu imetoka na mwenzake, chembe 300 zimepotea, zote kutoka nje ya seli. Nje zimebaki 3,620, jumla 11,460. Maji yamerudi lita 42. Gawanya 11,460 kwa 42, upate 273 hivi. Hapo ndipo jibu langu lilipokufa.

Maji huvuka utando wa seli mpaka ukolezi ulingane pande zote. Ndani: 7,840 kwa 273 ni lita 28.7. Nje: 3,620 kwa 273 ni lita 13.3. Kuli huyu ana maji yaleyale lita 42, lakini seli zake zimevimba kwa lita 0.7, na majimaji ya nje yamepungua kwa lita hiyohiyo. Sodiamu ya plazma imeshuka kutoka 140 hadi karibu 136. Hakurudi palepale hata kidogo.

Figo hufanya nini? Hapa ndipo uliyokariri yanapoanza kufanya kazi. Seli za haipothalamasi huhisi mabadiliko ya ukolezi ya asilimia 1 au 2 tu, na huyu ameshuka kwa zaidi ya asilimia 2. Vasopresini inakatwa. Bila vasopresini, vijia vya maji viitwavyo akwaporini 2 huondolewa kwenye ukuta wa mirija ya kukusanya mkojo, maji yanashindwa kurudi kwenye damu, na mkojo unatoka mwingi na mwepesi. Unaweza kushuka hadi miliosmoli 50 kwa lita.

Wakati huohuo ujazo wa nje umepungua, kwa hiyo figo zinatoa renini, anjiotensini ya pili inapanda, na aldosteroni inafuata. Elewa ukubwa wa kazi yake. Figo huchuja kama lita 180 kwa siku zenye sodiamu zaidi ya milimoli 25,000. Sehemu ya kwanza ya mrija hurudisha karibu theluthi mbili, kitanzi cha Henle karibu robo. Aldosteroni inasimamia asilimia chache za mwisho tu, lakini asilimia 1 ya 25,000 ni milimoli 250, zaidi ya alichopoteza kuli wetu. Ukimpima mkojo utaukuta mwepesi na sodiamu yake ikiwa chini sana, mara nyingi chini ya 20.

Kwa hiyo kuli anakojoa maji aliyotoka kuyanywa! Ili arudi kwenye 280 anahitaji kubaki na lita 11,460 ÷ 280, yaani 40.9. Figo zitamwaga lita 1 hivi, na ujazo wa nje utashuka hadi 12.9. Ukolezi umepona, ujazo umezidi kupungua. Aldosteroni inazuia sodiamu isipotee zaidi, ila haiwezi kutengeneza iliyokwisha kwenda. Mpaka ale chumvi kama gramu 9 ndipo zile milimoli 150 zirudi.

Kuna mpaka wa hesabu hii, na watahini wanaupenda. Ujazo ukishuka sana, kama asilimia 10 hivi, mwili huanza kutoa vasopresini hata kama ukolezi uko chini. Ndiyo maana mgonjwa aliyeharisha sana akanywa maji matupu anaweza kukaa na sodiamu ya chini siku nzima bila figo kuirekebisha.

Na tafadhali usiandike kwamba aldosteroni hupandisha sana ukolezi wa sodiamu. Sodiamu ikirudi, kiu na vasopresini huleta maji nyuma yake. Mwenye ugonjwa wa Conn ana aldosteroni nyingi mno, na sodiamu yake huwa ya kawaida au juu kidogo tu. Kinachompanda ni shinikizo la damu.

Kwenye sapu nilichora visanduku viwili kabla ya kufungua mdomo. Nilipata alama ambayo bado naikumbuka kwa fahari. Chora visanduku, mdogo wangu. Anza na chembe, kisha maji, homoni ziwe za mwisho. Wengi wenu mnaanza na homoni kwa sababu ndizo mlizokariri, na mnajiangusha wenyewe.

Zoezi lako: kuli yuleyule, jasho lilelile lita 3, ila hakunywa chochote. Ukipata lita 26.7 ndani, 12.3 nje, na sodiamu kama 147, uko sawa. Safari hii vasopresini na aldosteroni zote zimepanda. Niandikie kwa nini.