Ripoti ya dawa zinazokaribia kuisha muda: panga kwa kile kitakachobaki

Msimamizi wa utoaji dawa akiletewa orodha ya bechi sabini zilizopangwa kwa tarehe ya kuisha muda tu, hana la kufanya nayo. Bechi nyingi kati ya hizo zitakwisha dirishani zenyewe kabla ya tarehe. Anachohitaji kujua ni bechi zipi hazitakwisha, zitabaki kiasi gani, zina thamani ya shilingi ngapi, na ana siku ngapi za kuchukua hatua.

Anza na tarehe yenyewe. Pakiti nyingi zimeandikwa mwezi na mwaka tu, kama EXP 12/2025, na maana yake ni kwamba dawa inatumika hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Ukiandika 12/2025 kwenye Excel, mara nyingi yenyewe itaisoma kama tarehe 1 Desemba, na mwezi mzima unapotea. Ingiza tarehe kamili ya mwisho wa mwezi.

Ila tarehe hiyo nayo si ya kupangia kazi. Mgonjwa wa presha anayepewa amlodipini ya siku 30 lazima amalize kidonge cha mwisho kabla dawa haijaisha muda. Kwa hiyo bechi inayoisha tarehe 31 Desemba, siku yake ya mwisho ya kutolewa dirishani ni tarehe 1 Desemba. Hiyo ndiyo tarehe ya kupangia ripoti. Kwa anayepewa dawa ya miezi mitatu kwa mkupuo, siku hiyo inarudi nyuma zaidi, wakati sindano inayochomwa papo hapo haina cha kupunguza.

Tuchukue mfano. Ripoti inaandaliwa tarehe 1 Oktoba 2025. Amlodipini miligramu 5 ina bechi mbili: ya kwanza vidonge 9,000 vinavyoisha muda 12/2025, ya pili vidonge 10,000 vinavyoisha 02/2026. Dirisha linatoa vidonge 100 kwa siku, na bei ya kununulia tuseme ni sh. 30 kwa kidonge. Ukihesabu kwa tarehe iliyo kwenye pakiti, bechi ya kwanza ina siku 91, yaani vidonge 9,100, nayo inaonekana itakwisha yote. Ya pili ina siku 150, yaani vidonge 15,000, hivyo nayo inaonekana salama. Ripoti ya namna hiyo haitaitaja amlodipini kabisa.

Sasa hesabu kwa siku ya mwisho ya kutoa. Bechi ya kwanza ina siku 61, kwa hiyo vitatoka vidonge 6,100 na vitabaki 2,900. Bechi ya pili ina siku 120 hadi tarehe 29 Januari, lakini siku 61 za mwanzo wagonjwa wanakula bechi ya kwanza. Zinabaki siku 59, vidonge 5,900, na vinavyobaki ni 4,100. Jumla ni vidonge 7,000, vyenye thamani ya sh. 210,000, kwenye dawa ambayo ripoti ya kwanza iliiona haina tatizo. Kosa la kuhesabu wagonjwa walewale mara mbili ndilo linaloharibu ripoti nyingi, maana kila bechi ikihesabiwa peke yake inaonekana itapata watu wa kuimaliza.

Kwenye Excel, weka safu hizi: A dawa, B bechi, C tarehe ya kuisha muda, D siku za dozi, E idadi iliyopo, F matumizi kwa siku, G siku ya mwisho ya kutoa, H zitakazotoka, I zitakazobaki, J bei, K thamani. Tarehe ya ripoti ikae M1. Andika kwanza fomula ya G kwenye safu mlalo ya 2 na kuiburuta chini. Panga safu mlalo kwa jina la dawa, kisha kwa safu G, halafu andika fomula zilizobaki kwenye safu mlalo ya 2 na kuziburuta chini:

```
G2: =C2-D2
H2: =MIN(E2,MAX(0,F2*(G2-$M$1)-SUMIFS(H$1:H1,A$1:A1,A2)))
I2: =E2-H2
K2: =I2*J2
```

Fomula ya H inatazama bechi zilizo juu yake, kwa hiyo usiipange upya karatasi hiyo. Nakili matokeo kwenye karatasi nyingine, ubandike namba tupu bila fomula, kisha upangie huko.

Kupanga nako kuna mtego. Ukipanga kwa tarehe kamili kwanza na thamani baadaye, thamani haifanyi kazi yoyote, kwa sababu ni bechi chache zinazogongana siku moja. Gawa kwanza kwa makundi ya siku zilizobaki hadi siku ya mwisho ya kutoa: hadi siku 30, siku 31 hadi 90, siku 91 hadi 180. Ndani ya kila kundi, thamani kubwa ikae juu. Bechi ambayo zitakazobaki ni sifuri iondoe kabisa.

Kuna dawa ambazo thamani isizihukumu. Adrenalini ya trei ya dharura na dawa ya sumu ya nyoka hukaa zikisubiri siku ya kuhitajika, na kubaki ni kawaida yake. Zikiachwa ndani ya orodha, adrenalini itazama mwisho kwa sababu ni rahisi, na siku inahitajika itakutwa imeisha muda. Ziwekee sehemu yake chini ya ripoti, yenye tarehe ya kuletewa mbadala.

Namba inayodanganya kuliko zote ni ya matumizi kwa siku. Kama ndani ya siku 90 dawa haikuwepo kwa siku 20, gawa kwa 70. Vidonge 7,000 ukivigawa kwa 90 unapata 78, wakati mahitaji halisi ni 100. Hesabu dawa iliyomfikia mgonjwa, maana iliyotoka stoo kwenda wodini huenda bado iko kabatini. Bei nayo iendane na kipimo cha idadi: ukihesabu vidonge na kuweka bei ya boksi la vidonge 100, dawa ya bei ndogo itapanda kileleni mwa ripoti. Kagua mistari mitano ya juu kwa macho kabla ya kuituma.

Hesabu ya rafuni nayo inategemea namna watu wanavyokata vidonge. Namba ya bechi na tarehe mara nyingi hugongwa upande mmoja wa karatasi ya vidonge. Mtoaji dawa aanze kukata upande wa pili, ili kipande kinachobaki dirishani kiendelee kuonyesha tarehe. Vipande visivyo na tarehe haviingii kwenye ripoti yoyote.

Mwisho, weka safu ya hatua yenye tarehe ya kikomo. Tuseme kituo jirani kinatumia amlodipini 60 kwa siku na hakina bechi nyingine inayotangulia kuisha. Kumaliza vidonge 2,900 kitahitaji siku 49. Basi vidonge hivyo viwe vimefika huko ifikapo tarehe 13 Oktoba, ingawa ripoti inaonyesha siku 61. Tarehe hiyo ndiyo ya kuandikwa mbele ya bechi hiyo, pamoja na jina la atakayeshughulikia uhamisho.