Barabara ilifungwa siku nne: je, deni la mahindi limefutika?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mwenye duka wa Kisumu alinilipa shilingi 350,000 taslimu kwa magunia 100 ya mahindi, kilo 90 kila moja, nimpelekee kutoka Kitale baada ya miezi miwili. Nimepeleka 40. Mvua ikafunga barabara ya Kakamega siku nne, na gunia likapanda kutoka 3,500 hadi 5,000. Mkataba una kifungu cha majanga yaliyo nje ya uwezo, kinataja mafuriko na kufungwa kwa barabara. Mzee mmoja msikitini ameniambia ni kadari ya Mungu, sidaiwi. Mtaji umekwisha. Nishike kauli yake?

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Pole sana, Allah akufungulie riziki. Ila kauli ya mzee huyo usiishike.

Kadari ni kila kitu, hata bei ya mahindi. Ingekuwa kadari inafuta deni, hakuna ambaye angelipa. Wenye kauli hii hutegemea hadithi ya Jabir katika Sahih Muslim: ukimuuzia nduguyo matunda yakapatwa na janga, si halali kwako kuchukua chochote kwake. Waisome vizuri. Hadithi inamzuia muuzaji asile pesa ya mali ambayo mnunuzi hakuipata. Wewe ndiye muuzaji, na pesa umeshika wewe! Tena yale ni matunda ya miti maalumu. Wewe uliuza mahindi ya sifa na kipimo, hukutaja shamba. Haya ni mauzo ya salam, yaani bei hulipwa yote mwanzo na mali hukabidhiwa baadaye. Hata shamba lako lingesombwa lote, mahindi ya sokoni yapo na deni linabaki shingoni.

Kifungu chenyewe je? Husomwa kama kilivyoandikwa, kwa sheria ya Kenya pia, na lazima janga lililotajwa ndilo lililokuzuia. Barabara ilikuzuia siku nne, basi kinakupa siku nne, ikiwa ulimjulisha mnunuzi ndani ya muda wa notisi uliomo mkatabani. Na akithibitisha kwamba lori lingeweza kuzungukia Eldoret na Kapsabet, hata hizo zina mjadala, kwani safari kuwa ghali si sawa na safari kushindikana. Kupanda kwa bei hakumo kabisa. Hatari hiyo uliibeba siku ulipopokea pesa. Bei ingeshuka, faida ingekuwa yako.

Kwa hiyo unadaiwa magunia 60. Mkiridhiana kuvunja sehemu iliyobaki, rudisha 210,000, bei ile ile mliyouziana. Asidai 300,000 kwa bei ya leo, wala asikuongezee faini ya kuchelewa juu ya pesa hiyo, maana hiyo ni riba.

Kama kweli huna kitu, aya ya 280 ya Suratul Baqara inamtaka akusubiri mpaka upate nafuu. Lakini usijifiche wala usizime simu. Nenda dukani kwake, mweleze ulichonacho, anza hata na magunia kumi. Akikubali, andikeni tarehe mpya na idadi iliyobaki, mtie saini mbele ya mashahidi wawili.

Wallahu a'lam.