Shafti Iliyovunjika: Tafuta Ufa Ulianzia Wapi

Ukiletewa shafti iliyokatika, usizikutanishe pande zake mbili ili uone zinavyolingana. Karibu kila mtu hufanya hivyo, na papo hapo anasaga ushahidi. Vinundu vidogo vya uso uliovunjika hubonyea na kung'aa, na mng'ao huo wa bandia utakupotosha baadaye. Weka msasa na brashi ya waya mbali. Piga picha ya kipande kwanza kama kilivyo, pamoja na kutu na grisi, kwa sababu mara nyingine kutu yenyewe inakuonyesha sehemu ipi ilikuwa wazi muda mrefu. Kisha osha kwa mafuta ya kusafishia na brashi laini. Baada ya hapo, shika tochi ubavuni, mwanga upite karibu sambamba na uso. Mwanga wa kutoka juu hufuta mistari yote, lakini wa ubavuni huipa vivuli.

Sasa usikimbilie uso. Tazama kwanza umbo la kipande kizima, ukijiuliza kama kimenyooka, kimepinda au kimekonda karibu na pale kilipokatika.

Kipimo cha kulinganishia ni fimbo ya chuma laini iliyovutwa kwenye mashine ya majaribio hadi ikakatika. Fimbo hiyo hurefuka, halafu inakonda sehemu moja kama shingo. Ndani ya shingo, katikati kabisa, vishimo vidogo hufunguka kuzunguka chembe za uchafu zilizomo ndani ya chuma. Vishimo hukua na kuungana, vikafanya ufa ambao macho hayauoni bado, maana uko ndani. Ufa huo husambaa kuelekea nje, na ukikaribia ukingo, chuma kilichobaki hukatika kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Ndiyo maana upande mmoja unabaki na umbo la kikombe na wa pili umbo la koni. Katikati pana rangi ya kijivu isiyong'aa, yenye nyuzinyuzi. Ukiona hivyo kwenye boliti au fimbo iliyotoka kazini, ilivutwa mara moja kwa nguvu kuliko uwezo wake. Shingo ndiyo ushahidi mkubwa hapo.

Tatizo ni kwamba vipande vingi utakavyoletewa havina shingo. Vimekatika bapa, havikupinda hata kidogo, na atatokea mtu wa kusema kwamba chuma kilikuwa kibovu, au kwamba kimezeeka na kugeuka punje. Chuma hakigeuki punje kwa kufanya kazi. Kilikuwa fuwele tangu kilipoganda kiwandani, na kitabaki hivyo. Mvunjiko bapa usio na shingo una sababu mbili kuu, na kazi yako ni kuzitenganisha.

Ya kwanza ni mpasuko wa ghafla, ambapo fuwele hupasuka kwa kufuata tabaka zake. Uso wake ni wa punjepunje na hung'aa. Ukiuzungusha chini ya mwanga, vijiuso vidogo humetameta kimoja baada ya kingine. Kwenye bamba nene utaona pia mistari iliyopangika kama vichwa vya mishale, na ncha zake zinaelekea kule ufa ulikoanzia, kwa hiyo fuata ncha hizo hadi ufike mwanzo wa ufa. Chuma cha kawaida cha kaboni hufanya hivi kikikutana na baridi, mkato mkali au pigo la haraka, hata kama kwenye joto la kawaida kinapinda vizuri. Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, maji yakiwa yametulia. Shaba, alumini na aina za kawaida za chuma cha pua kisichoshika sumaku havipasuki hivi kwa kawaida, kwa hiyo ukikuta punje zinazong'aa kwenye vitu hivyo, tafuta maelezo mengine.

Ya pili ni uchovu, na hapa ndipo wanaoanza hupotea zaidi. Ufa wa uchovu huanza mdogo juu ya uso, ukasonga kidogo kila mzigo unapojirudia. Mahali ulipopita panakuwa laini, na mara nyingi pana mistari ya mviringo kama ile inayoachwa na maji ufukweni. Kila mstari ni mahali ufa ulipopumzika au mzigo ulipobadilika: mashine ilizimwa, kazi iliongezwa, kutu ilipata nafasi. Usihesabu mistari hiyo ukidhani ni idadi ya mizunguko, kwa sababu kati ya mstari na mstari inaweza kupita mizunguko maelfu mengi. Na isipokuwepo, usikate tamaa. Mashine iliyokwenda kwa mzigo uleule bila kusimama huenda isiache hata mmoja, na kwenye chuma cha kutupwa cha kijivu mistari ni vigumu kuonekana.

Jambo linalochanganya ni kwamba ufa wa uchovu haumalizi kazi peke yake. Chuma kilichobaki kikishindwa kubeba, hukatika ghafla, na eneo hilo la mwisho linaweza kuwa la nyuzinyuzi au la punje zinazong'aa. Kwa hiyo kipande kimoja hubeba nyuso mbili tofauti. Inayong'aa huvuta jicho, lakini ndiyo iliyokuja mwisho.

Chukua shafti ya feni ya milimita 60, inayoendeshwa kwa mkanda, iliyokatika kando ya beringi pale kipenyo kinapobadilika. Waliokuwepo walitazama punje zinazong'aa karibu na katikati, wakapendekeza chuma kigumu zaidi. Tuliisoma kwa kuanzia ukingoni. Shafti ilikuwa imenyooka. Kuzunguka mzingo wote kulikuwa na vingazi vidogo vilivyosimama, na kati ya kila ngazi mbili uso laini ulielekea ndani. Ngazi hutokea pale nyufa mbili jirani, zilizoanza kwenye vimo tofauti kidogo, zinapokutana. Maana yake ufa haukuanzia kwenye kasoro moja, bali sehemu nyingi za mzingo kwa wakati mmoja, na hiyo ni dalili ya kona kali kwenye shafti inayozunguka huku inapindwa. Kwa mizunguko 1,450 kwa dakika, kila nukta ya kona hiyo inavutwa na kubanwa zaidi ya mara milioni mbili kwa siku.

Eneo la mwisho, zile punje, lilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya uso wote. Shafti iliendelea kubeba mzigo wake ikiwa imebakiwa na kipande kidogo hivyo, kwa hiyo mzigo wenyewe haukuwa mkubwa. Kama eneo la mwisho lingekuwa nusu ya uso, ningeanza kwa kuuliza nani alizidisha mzigo.

Tukaipima kona: fundi aliikereza bila mviringo wowote. Chuma kigumu zaidi hakingetibu hilo, maana kadiri chuma kinavyokuwa na nguvu ndivyo kinavyoumizwa zaidi na mkato. Shafti mpya ilikerezwa kwa chuma kilekile, kona ikapewa mviringo mkubwa kadiri beringi ilivyoruhusu, ikang'arishwa, na mkazo wa mkanda ukapimwa upya. Kumbuka kwamba mviringo wa shafti lazima uwe mdogo kuliko ule wa ukingo wa ndani wa beringi, la sivyo beringi haitakaa hadi mwisho.

Feni nyingine za aina ileile zilikuwa bado zinazunguka. Hizo nazo zilisimamishwa kwa zamu, kona zikasafishwa, zikapakwa rangi ya kupenya kwenye nyufa ili ufa wowote uonekane.