Samahani kwa hasara yako

*Swali: Mwenzangu ofisini, Mwingereza, amefiwa na mama yake juzi huko kwao, nami nataka kumwandikia ujumbe mfupi kwa Kiingereza. Naambiwa nianze na "sori", lakini naogopa ataona ninamwomba msamaha. Hofu hii ilinianza nilipofiwa na baba, meneja wetu akanitumia ujumbe wa Kiswahili usemao "Samahani kwa hasara yako", nikabaki nikijiuliza amenikosea nini. Niandikeje? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Andika "sori" bila hofu. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimhusu mtu mwenye maumivu, na lina undugu na neno lao la kidonda kinachouma. Kazi ya kuomba radhi lilipewa baadaye. Mwingereza aliyefiwa akilisoma mwanzoni mwa ujumbe wako hatatafuta kosa ulilomtendea, kwa sababu kwake neno hilo moja hufanya kazi ambazo sisi tumezigawa kati ya "pole" na "samahani".

Mgawanyo huo ndio meneja wako ameuvunja, na kwa kuwa ujumbe kama wake nimeshauona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, utaniwia radhi nikikaa hapo kidogo. "Samahani" limetoka katika Kiarabu, nalo limekuja na mtendwa wake tumboni: maana yake ni "nisamehe mimi". Anayekuandikia "samahani kwa hasara yako" amesema, kwa Kiswahili sanifu kabisa, kwamba hasara uliyoipata imesababishwa naye na sasa anaomba asamehewe. Ni sentensi nzuri sana kwa fundi aliyeunguza redio ya mteja. Ikisomwa kwa sauti matangani, wajomba watanyamaza, mmoja wao atasogeza kiti, na mwandishi ataulizwa kwa upole alikuwa wapi usiku ule.

Ama "hasara", Kiingereza kina neno moja linalotumika kwa duka lililofunga mwaka vibaya, kwa timu iliyofungwa na kwa mtoto aliyefiwa na mzazi, na Waingereza wamelizoea kiasi kwamba kwao ni neno laini kuliko kutaja kifo. Kwetu hasara hukaa katika daftari la mahesabu. Najua kuna msomaji ambaye ameshashika kalamu kunikumbusha kwamba "hasara roho, pesa makaratasi". Msemo huo naupenda, lakini utamu wake wote unatokana na kuliondoa neno sokoni na kulipeleka mahali pasipo pake, na mfiwa si mtu wa kuchezewa msemo.

Linaloniudhi zaidi ni ndugu wa sentensi hiyo ambaye siku hizi ameingia hadi katika hotuba: "kumpoteza mama". Kitenzi "potea" ni cha mwenye kupotea. Ukikifanya "poteza" umeshamtaja mtu aliyesababisha upotevu, kwa uzembe au kwa makusudi. Nikipoteza funguo, kosa ni langu. Sasa mchukue kijana aliyekwenda Kariakoo na mama yake siku ya mkesha wa sikukuu, akageuka kupatana bei ya viatu, akageuka tena, mama hayupo. Huyo amempoteza mama yake. Atapita duka hadi duka akieleza rangi ya kitenge alichovaa, ataomba atangaziwe kwa kipaza sauti cha msikiti, ataripoti kituoni, na jioni atamkuta mama ameketi kwa muuza vitunguu akinywa chai na kumlaani mtoto asiye na macho. Mkasa huo una mwisho mwema, na ndiyo sababu neno lake halifai msibani: kilichopotezwa hutafutwa. Kwa wanasiasa nimeshachoka, waendelee kuwapoteza viongozi wao kila mwaka. Kwa mtu aliyefiwa jana, sikubali.

Nakataa kwa uchungu kwa sababu Kiswahili kina neno ambalo Mwingereza angelilipia. Tumechukua "fa", tukapata "fia", kama tunaposema "mama amemfia mikononi", kisha tukapata "fiwa". Silabi hizo chache zinasema kwamba kifo ni cha mwingine lakini kimemwangukia huyu, bila kumlaumu na bila kumpigia hesabu. Waingereza wana neno rasmi la mfiwa, lakini ukilifukua asili yake utakuta ni mtu aliyenyang'anywa. Kwa mazungumzo ya kawaida wamebaki na hasara. Si kosa lao. Kosa ni la anayekiacha kitenzi hiki kabatini akaenda kuazima daftari la muuza duka.

Turudi kwenye ujumbe wako, ambao unataka sentensi nne tu. Safu hii haichapishi Kiingereza, nawe Kiingereza unakijua, basi nitakueleza kila sentensi ibebe nini. Ya kwanza iwe na "sori" pamoja na sababu: umesikia habari za mama yake. Mtaje kuwa ni mama yake, usiishie kwenye neno lao la hasara, kwa kuwa hilo limeandikwa katika kadi zote za madukani na macho hulipita. Ya pili, kama uliwahi kuonana na mama huyo au kumsikia mwenzako akimsimulia, itaje habari moja ndogo na ya kweli, kwa mfano kwamba kila Jumatatu alikuwa akikusimulia waliyozungumza kwa simu. Usipokuwa nayo, usiitunge. Sentensi tatu zinatosha. Ya tatu imwondolee mzigo wa kazi kwa kuutaja: ripoti ya Ijumaa utaimaliza wewe. Hapa wengi huandika kwamba akihitaji lolote aseme, na hivyo humwongezea mfiwa kazi ya kufikiri atake nini. Ya nne imwambie kwamba hana haja ya kujibu.

Kuna mambo mawili ambayo hayavuki bahari. La kwanza ni "poleni". Sisi tunapotumia wingi kwa mtu mmoja tunaipa pole nyumba nzima, na Kiingereza hakina njia ya kulisema hilo kwa kiambishi, kwa hiyo itakubidi utamke kwamba pole hiyo ni yake na ya jamaa zake. La pili ni "kazi ya Mungu haina makosa". Kwetu ni liwazo, na anayeambiwa huitikia kwa kuinamisha kichwa. Ukiligeuza neno kwa neno, Mwingereza atasoma kwamba kifo cha mama yake kilikuwa jambo sahihi, na hata akiwa mcha Mungu litamchoma. Mwambie tu kwamba unamkumbuka, au kwamba unamwombea ikiwa unajua kuwa naye ni mtu wa sala.

Na meneja wako? Alikutakia heri, hilo silikatai, na hakuna aliyewahi kumweleza. Kwa kuwa katika ofisi yenu misiba haitakwisha, mbandikie mezani kikaratasi chenye maneno haya: "Poleni sana kwa kufiwa na baba." Nafasi ya "baba" ataibadilisha mwenyewe. Asiandike "rambirambi" kama hana bahasha mkononi, maana kwetu neno hilo siku hizi huwafanya watu watazame mfuko wa anayelitamka.