Nusu kwa nusu haikunipa utulivu: kutafuta mgawo wa hisa mbili unaoyumba kidogo kabisa

Mwaka 2021 nilikuwa na shilingi 4,000,000 za kununua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hisa zenyewe nilishazichagua: moja ya benki, nyingine ya kiwanda cha saruji. Kilichobaki kilikuwa kuamua kila moja ipate kiasi gani, na hapo nikafanya wafanyavyo wengi, milioni mbili huku na milioni mbili kule. Sikutaka kapu linalopanda sana. Nilitaka kapu lisiloyumba, kwa sababu fedha ile nilijua ningeihitaji, na niliona nusu kwa nusu ndio mgawo wa mtu makini.

Nilipokuja kukaa na kalamu nikagundua kwamba mgawo ule haukunipunguzia hatari hata kidogo kuliko kuweka fedha zote benki. Nikueleze nilivyofika hapo, maana hesabu yenyewe haizidi ile ya kidato cha tano na jibu lake linatumika kwa hisa zozote mbili.

Unahitaji namba tatu tu. Mbili za kwanza ni kuyumba kwa kila hisa, yaani mkengeuko sanifu wa faida yake. Ya tatu ni korelasheni, inayosema hisa hizo mbili hupanda na kushuka pamoja kwa kiasi gani: 1 maana yake zinatembea sawasawa, 0 maana yake kila moja na njia yake. Nitazikata tarakimu zangu ziwe rahisi kushika kichwani. Saruji iliyumba asilimia 30 kwa mwaka, benki asilimia 20, na korelasheni ilikuwa 0.25.

Kwenye hesabu hatutumii mkengeuko wenyewe ila mraba wake, ndio variansi. Ya saruji ni 0.30 mara 0.30, yaani 0.09. Ya benki ni 0.04. Kisha kuna kovariansi, ambayo ni korelasheni mara mikengeuko yote miwili: 0.25 × 0.30 × 0.20 = 0.015.

Sasa w iwe sehemu ya fedha inayokwenda kwenye saruji, na 1 − w iende benki. Variansi ya kapu zima ni hii:

```
V(w) = 0.09w² + 0.04(1 − w)² + 2(0.015)w(1 − w)
     = 0.10w² − 0.05w + 0.04
```

Tazama mstari wa pili. Ni mlinganyo wa daraja la pili wenye namba chanya mbele ya w², kwa hiyo ukiuchora unapata umbo la bakuli. Tunachotafuta ni kitako cha bakuli, na pale kitakoni mteremko ni sifuri. Kalkulasi inatupa mteremko huo kwa hatua moja:

```
V'(w) = 0.20w − 0.05 = 0
w = 0.25
```

Mteremko wa pili ni 0.20, nao ni chanya, kwa hiyo hapa ni kitako kweli wala si kilele. Jibu: robo kwenye saruji, robo tatu kwenye benki. Kwa fedha zangu ingekuwa shilingi 1,000,000 na 3,000,000. Ukirudisha 0.25 kwenye mlinganyo, variansi ni 0.03375, na kipeuo chake ni asilimia 18.4 hivi.

Sasa weka w = 0.5, mgawo wangu wa nusu kwa nusu. Unapata 0.025 − 0.025 + 0.04, yaani 0.04, ambayo ni asilimia 20 kamili. Halafu weka w = 0, fedha zote benki. Unapata 0.04 ile ile. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea: bakuli lina pande mbili zinazofanana, kitako kiko kwenye 0.25, na 0 na 0.5 ziko umbali sawa kutoka hapo. Nilikuwa nimeshuka upande mmoja wa bakuli na kupanda upande wa pili mpaka kimo kile kile nilichoanzia.

Ukitaka fomula ya hisa zozote, fanya kazi ile ile kwa herufi. S iwe variansi ya hisa ya kwanza, B ya hisa ya pili, na C kovariansi yao:

```
w = (B − C) / (S + B − 2C)
```

Kipande cha chini, S + B − 2C, ni variansi ya tofauti kati ya faida za hisa hizo mbili. Hakiwezi kuwa hasi, na huwa sifuri pale tu tofauti hiyo haibadiliki kamwe. Ndiyo maana bakuli halipinduki. Kipande cha juu ndicho chenye habari. B − C kinakwambia kama kuongeza kidogo tu cha ile hisa inayoyumba zaidi kunatuliza kapu au kunalivuruga. Kovariansi ikiwa ndogo kuliko variansi ya hisa tulivu, ongeza. Kwa namba zangu hilo ni sawa na kusema korelasheni iwe chini ya 20/30, yaani 0.67 hivi.

Ikizidi hapo je? Tuseme korelasheni ingekuwa 0.8. Kovariansi inakuwa 0.048, na fomula inatoa −0.008 gawanya kwa 0.034, karibu −0.24. Namba hasi maana yake uuze hisa za saruji usizokuwa nazo, uzikope kwa mtu, kisha fedha zake uzipeleke benki. Kwa mwekezaji mdogo kama mimi hilo halifanyiki. Lakini usigeuze alama na kuandika 0.24, kosa ambalo nimeliona likifanywa na watu wanaojua hesabu vizuri. Kitako cha bakuli kimehamia kushoto ya sifuri, kwa hiyo kuanzia sifuri kwenda kulia unapanda tu. Mgawo mtulivu unaowezekana ni w = 0: fedha zote benki.

Kabla ya kuamini jibu lolote nina jaribio moja ninalolifanya kila mara. Kwenye kitako, kovariansi ya kila hisa na kapu zima lazima zilingane. Saruji: 0.25 × 0.09 + 0.75 × 0.015 = 0.03375. Benki: 0.25 × 0.015 + 0.75 × 0.04 = 0.03375. Zimelingana, tena ni sawa na variansi ya kapu lenyewe. Zisipolingana, kuna mahali umeteleza, mara nyingi kwenye ile 2 iliyo mbele ya C. Maana yake pia ni nzuri: kama hisa moja ingekuwa inaleta mtikisiko mwingi kuliko nyingine, ungehamisha shilingi kutoka kwake na kutulia zaidi. Kwenye kitako hakuna tena cha kuhamisha.

Kwenye Eksel, nikiwa na faida za kila mwezi za saruji kwenye safu ya B na za benki kwenye safu ya C, miezi 36, naandika hivi:

```
=(VAR.S(C2:C37)
 -COVARIANCE.S(B2:B37,C2:C37))
 /(VAR.S(B2:B37)+VAR.S(C2:C37)
 -2*COVARIANCE.S(B2:B37,C2:C37))
```

Huna haja ya kuzidisha chochote kwa 12 ili kupata mwaka, kwa kuwa 12 ingekuwa juu na chini ikajifuta.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kabla ya fomula. Mara ya kwanza niliweka bei badala ya faida. Hisa moja ilikuwa ya maelfu ya shilingi, nyingine ya mamia, na ile ya maelfu ikaonekana inayumba mno kwa sababu tu bei yake ni kubwa. Jibu likatoka la ajabu. Namna ya kujikamata ni rahisi: chukua safu moja ya bei, izidishe yote kwa 100 kana kwamba umeiandika kwa senti, uone kama w inabadilika. Ikibadilika, hujatumia faida. Faida ya mwezi ni bei ya mwisho wa mwezi huu, jumlisha gawio lililolipwa, gawanya kwa bei ya mwezi uliopita, toa 1.

Jambo la pili linahusu soko letu moja kwa moja. Zipo hisa Dar es Salaam zinazopita siku kadhaa bila kuuzwa, na bei inabaki pale pale. Ukitumia faida za kila siku utapata sifuri nyingi mfululizo. Hisa itaonekana tulivu kuliko ilivyo, na korelasheni itaonekana ndogo kwa sababu habari ile ile imefika kwenye bei za hisa mbili siku tofauti. Fomula itaipa hisa hiyo fedha nyingi, kumbe ukimya wake ni wa kukosa wanunuzi. Ndiyo maana natumia miezi. Ukiona sifuri nyingi hata kwa miezi, hisa hiyo iache nje ya hesabu hii.

Miezi 36 si mingi, na korelasheni ya 0.25 iliyopimwa kwa miezi hiyo inaweza kwa kweli kuwa 0.1 au 0.4. Nilizijaribu zote mbili. Kwa 0.1, w ni 0.29; kwa 0.4, ni 0.20. Mwanzoni pengo hilo lilinisumbua, mpaka nilipouandika mlinganyo upya:

```
V(w) = 0.03375 + 0.10(w − 0.25)²
```

Ukikosea kwa sehemu 0.10 nzima, ukaweka 0.35 badala ya 0.25, variansi inaongezeka kwa 0.001 tu, na kapu linayumba asilimia 18.6 badala ya 18.4. Bakuli ni bapa kitakoni. Kwa hiyo sihangaiki na desimali ya pili, wala simlipi dalali kamisheni ili kuifuata. Na nikumbushe kwamba hesabu hii haijagusa kabisa hisa ipi inalipa zaidi. Inajibu swali la utulivu peke yake, na ndilo nililokuwa nalo.

Nilikuwa tayari na milioni mbili kwenye saruji, na sikutaka kuziuza. Kufika robo kamili kungehitaji benki iwe na milioni sita, fedha ambazo sikuwa nazo. Nikaongeza benki kidogo kidogo, kwa gawio na akiba ya mwezi, mpaka ilipofika 3,700,000. Saruji ikawa asilimia 35 ya kapu, kuyumba kukashuka kutoka asilimia 20 hadi 18.6, na hapo nikasimama.