Tarehe zilizoandikwa kila mtu kwa namna yake: kuzigeuza ziwe tarehe za kweli

Swali: Nina orodha ya fomu katika Excel, mistari kama mia sita. Safu A ni namba ya fomu, safu B ni tarehe. Walioingiza ni watu kadhaa, kwa hiyo humo kuna 25/03/2023, 4 Machi 2023, 7.3.23, hata 2023-03-18. Sote huwa tunaanza na siku, kisha mwezi. Nikipanga kwa tarehe, nyingine zinakwenda juu na nyingine, ikiwemo hiyo 25/03/2023, zinarundikana chini. Nimebadilisha muundo kwenye Format Cells, haikusaidia kitu. Nifanyeje ziwe tarehe ambazo naweza kuzipanga na kuzilinganisha?

Jibu: Kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala ya faili na usipange tena orodha hiyo kwa tarehe. Iache ikifuata namba za fomu. Mpangilio huo utatufaa sana huko mbele, na sababu utaiona.

Format Cells haikusaidia kwa sababu yenyewe hubadilisha sura tu. Kwa Excel, tarehe ya kweli ni namba: hesabu ya siku kuanzia 1 Januari 1900, ambayo ni 1. Tarehe 1 Januari 2023 ni 44927. Seli yenye "7.3.23" haina namba ya namna hiyo ndani yake, ina herufi sita tu, na herufi hazina sura ya tarehe ya kuvishwa. Excel inapopanga kutoka ndogo kwenda kubwa, hutanguliza namba zote ndipo ilete maandishi. Huo ndio mrundikano unaouona chini. Katika kulinganisha pia, maandishi huhesabiwa kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Ukiuliza `=B2<DATE(2023,4,1)` kwenye seli ya "7.3.23", utajibiwa FALSE bila onyo lolote.

Lakini maandishi hayo si tatizo lako kubwa. Angalau yanaonekana. Linalonitia wasiwasi ni zile seli ambazo tayari ni tarehe za kweli.

Tazama: "25/03/2023" imebaki kuwa maandishi. Kwenye kompyuta inayotanguliza siku, Excel ingeipokea palepale kama tarehe. Kuikataa kwake kunaonyesha kwamba mashine iliyotumika ilikuwa na mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi, na mwezi wa 25 haupo. Sasa jiulize ilifanya nini mtu alipoandika 04/03/2023 akimaanisha 4 Machi. Mwezi wa nne upo, siku ya tatu ipo, kwa hiyo iliipokea kimya kimya kama 3 Aprili. Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini, na seli imekaa upande wa kulia kama tarehe yoyote halali. Ukirekebisha maandishi peke yake utapata safu inayopangika vizuri kabisa, ila itakuwa na uongo ndani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kugawa seli katika makundi matatu. Mistari isiyo na tarehe kabisa iweke kando kwanza, kisha andika hii katika C2 na uiburute hadi chini:

```
=IF(ISTEXT(B2),"maandishi",IF(OR(DAY(B2)>12,DAY(B2)=MONTH(B2)),"salama","shaka"))
```

Kama Excel yako hutenganisha vipengele kwa nukta-mkato, badilisha mikato yote. Kundi la "salama" ni namba ambazo hazikuweza kupinduliwa: siku yake inazidi 12, au siku na mwezi ni namba ileile. Kundi la "shaka" ni zilizobaki. Chuja uone ukubwa wa kila kundi. Katika mwaka wa siku 365, siku 221 ziko kati ya tarehe 13 na mwisho wa mwezi, kwa hiyo safu yenye afya ingekuwa na "salama" nyingi kuliko "shaka". Ukikuta kinyume chake, yaani "shaka" tele na "salama" za kuhesabika, basi upinduaji umetokea kweli.

Tuanze na maandishi, kwa kuwa hayo ni kazi ya mikono tu. D2 inageuza vitenganishi vyote kuwa nafasi moja. CHAR(160) ni ile nafasi isiyoonekana inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti. TRIM peke yake haiiondoi.

```
=IF(ISTEXT(B2),TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," "),"/"," "),"-"," "),"."," ")),"")
```

Sasa "7.3.23" imekuwa "7 3 23". Fomula inayofuata inatoa kipande cha kwanza katika E2. Kwa F2 badilisha 1 iwe 51, na kwa G2 iwe 101:

```
=TRIM(MID(SUBSTITUTE($D2," ",REPT(" ",50)),1,50))
```

Kwa majina ya miezi, tengeneza karatasi iitwayo Miezi. Safu A iwe na herufi tatu za mwanzo (jan, feb, mac, apr, mei, jun, jul, ago, sep, okt, nov, des), na safu B iwe na namba ya mwezi. Ongeza mar, may, aug, oct na dec kwa ajili ya walioandika Kiingereza. Kisha H2:

```
=IF(ISTEXT(B2),IF(ISNUMBER(--F2),--F2,VLOOKUP(LEFT(F2,3),Miezi!A:B,2,FALSE)),"")
```

Na I2 inaunda tarehe yenyewe. Kipande cha kwanza kikiwa na tarakimu nne, huo ni mwaka. Vinginevyo ni siku.

```
=IF(ISTEXT(B2),IF(LEN(E2)=4,DATE(E2,H2,G2),DATE(IF(LEN(G2)=2,2000+G2,G2),H2,E2)),"")
```

Ile 2000+ ni ya lazima, kwani DATE ikipewa mwaka 23 inarudisha 1923. Kumbuka pia kwamba DATE haikatai siku isiyokuwepo: 31/02/2023 itageuka kuwa 3 Machi 2023 bila kulalamika. Kwa hiyo chuja mistari ya maandishi na uhakikishe `=MONTH(I2)=H2` inaleta TRUE kila mahali. Panapotokea FALSE, rudi kwenye fomu yenyewe. Penye #VALUE! au #N/A, mara nyingi mwaka haukuandikwa au jina la mwezi limekosewa. Usizifunike kwa IFERROR. Ziandike upya kwa mkono sasa hivi, maana zikibaki zitavuruga hatua inayofuata.

Utauliza kwa nini tusitumie DATEVALUE na kumaliza. Sababu ni kwamba DATEVALUE husoma kwa mpangilio wa kompyuta iliyo mbele yako. "04/03/2023" itakupa Aprili kwenye mashine moja na Machi kwenye nyingine, faili likiwa lilelile, na "Machi" huenda isitambuliwe kabisa. Mimi huiepuka kila tarehe zinapokuwa za mchanganyiko.

Sasa turudi kwenye "shaka", palipo na ugumu halisi. Huwezi kuzipindua zote kwa mkupuo, kwa sababu ndani yake zimo zilizoandikwa kwa mtindo wa 2023-03-09, na huo Excel huusoma sawasawa katika mpangilio wowote. Tuseme fomu zinafuatana hivi:

Fomu 211 ni maandishi, "7.3.23", ambayo tumeshajua ni 7 Machi. Fomu 212 inaonyesha 8/3/2023, na ndani yake ni 45141, yaani 3 Agosti. Fomu 213 inaonyesha 3/9/2023, ndani ni 44994, yaani 9 Machi. Fomu 214 ni maandishi, "13/03/2023".

Kwa macho, 212 na 213 zinafanana kila kitu. Moja imepinduka na nyingine iko sawa, wala seli yenyewe haina kumbukumbu ya kilichobonyezwa kwenye kibodi. Kinachozitofautisha ni majirani. Fomu iliyo katikati ya 7 na 13 Machi haiwezi kuwa ya Agosti, kwa hiyo 212 ni 8 Machi. Na 213 tukiipindua ingekuwa 3 Septemba, kwa hiyo tunaiacha ilivyo.

Hoja hiyo tunaiweka katika fomula. Andika J2 kwa mkono, kwa tarehe uliyoihakikisha kwenye fomu ya kwanza. Kisha J3, na uiburute:

```
=IF(C3="maandishi",I3,IF(C3="salama",B3,IF(ABS(B3-J2)<=ABS(DATE(YEAR(B3),DAY(B3),MONTH(B3))-J2),B3,DATE(YEAR(B3),DAY(B3),MONTH(B3)))))
```

Kila seli ya shaka inapewa nafasi mbili, ilivyo na ikipinduliwa, na inachukua ile iliyo karibu zaidi na tarehe ya fomu iliyotangulia. Je, inaaminika? Tarehe na pindu lake hazikaribiani kamwe kwa chini ya siku 27. Jozi iliyo karibu kuliko zote ni 3 Februari na 2 Machi katika mwaka mfupi. Maana yake, kama fomu mbili zinazofuatana hazipishani kwa zaidi ya siku 13, na ya kwanza ni sahihi, uchaguzi hauwezi kukosea. Pengo likiwa refu kuliko hapo, fomula itachagua tu, na inaweza kuchagua vibaya, kisha kosa hilo likaburuta na seli za shaka zinazolifuata.

Ndiyo maana katika K3 uweke `=OR(J3<J2,J3-J2>13)` na uchuje TRUE. Hizo ndizo za kukagua kwa karatasi, pamoja na seli za shaka zilizo juu yake moja kwa moja. Ikiwa fomu zenu hazikupewa namba kwa mfuatano wa siku, njia hii haifai, na seli za shaka itabidi zithibitishwe moja moja kwa fomu asili. Hakuna fomula itakayokisia kitu ambacho hakimo kwenye data.

Ukiridhika, nakili safu J na uibandike kama thamani peke yake kwa Paste Special, Values, kisha uipe muundo wa `yyyy-mm-dd` ili asitokee mtu wa kuisoma kinyume. Safu B usiifute; ifiche tu. Na wanaoendelea kuingiza fomu mpya waambie waandike 2023-03-09, mwaka mbele, hata kama kwenye karatasi wanaanza na siku.