Jibu: Anwani inakataliwa kila nikituma

"Nathibitisha akaunti yangu ya mtandaoni, kitambulisho kimepita lakini hati ya anwani inarudishwa kila nikituma, na pesa zimezuiliwa humo. Niko Malindi, nifanyeje?"

Salaam ndugu yangu. Kwanza usitume tena karatasi ileile, itarudi vilevile. Angalia kama imeandikwa S.L.P. peke yake, wengi wetu tunakwama hapo, sanduku la posta ni pa kupokea barua na wanaokagua akaunti wanataka mahali unapolala. Mimi nimepanga huku Shela, umeme ni wa tokeni na mita iko kwa jina la mwenye nyumba, kwa hivyo bili sina, nikatuma steitimenti ya benki yenye S.L.P. ikakataliwa. Nikaenda tawini na kitambulisho, nikaomba waniwekee makazi kwenye rekodi, mtaa na jina la nyumba, halafu nikachukua steitimenti mpya. Nikatuma PDF nzima, sio skrinshoti, tarehe ikiwa ndani ya miezi mitatu. Kabla ya kutuma nikaandika anwani hiyohiyo kwenye profaili neno kwa neno, na majina kama yalivyo kwenye kitambulisho. Ikapita. Tafadhali usifungue akaunti ya pili ukingoja, wanaweza kukufungia zote mbili na pesa zikiwa ndani.